Maulidi ya Lamu Septemba 2026: chumba kishikwe lini ikiwa tarehe inategemea mwandamo?

BintiMzizima (Dar es Salaam)
Asalaam alaykum wana jukwaa. Mwaka huu nataka kumpeleka mama Lamu kwenye Maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Ni jambo alilolitamani tangu sisi wadogo, na sasa magoti yake yameanza kumsumbua, kwa hiyo sitaki kuahirisha tena. Tutakuwa watatu: mama, mimi na mdogo wangu wa kiume.

Kazini lazima nipeleke maombi ya likizo kabla Mei haijaisha. Kuna gesti moja ya Langoni nimezungumza nayo kwa simu, wanataka nilipe pesa yote sasa hivi, na bei waliyonitajia ni shilingi 3,500 za Kenya kwa chumba kwa usiku mmoja. Nikimuuliza tarehe ananiambia "wiki ya Maulidi", basi. Naomba mnisaidie mambo matatu: tarehe yenyewe ni ipi, bei hiyo ni ya haki, na je, ni lazima kushika chumba mapema kiasi hiki?

Kipanga_wa_Pwani
Wa alaykum salaam. Tarehe si siri, dada. Maulidi ni tarehe 12 Mfunguo Sita. Mwaka 2026 hiyo inaangukia 25 au 26 Agosti kutegemea mwandamo. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kwenye kalenda ya kawaida. Omba likizo wiki ya mwisho ya Agosti, umemaliza.

Jirani_wa_Kisauni
Si huwa ni Novemba? Mimi nilikwenda Novemba, kulikuwa na mashindano ya majahazi, mbio za punda na ngoma. Hoteli zilijaa wageni wa nje.

Mwamu_Langoni
Jirani, ulichokiona Novemba ni tamasha la utamaduni la Lamu. Hilo huwa na tarehe za kalenda ya kawaida. Michezo inafanana kwa sababu punda na majahazi ni yetu mwaka mzima, ila hilo na Maulidi ni mambo mawili.

Kipanga, hesabu yako ya tarehe 12 ni sahihi kwa mazazi yenyewe, na miji mingi husoma siku hiyo. Lakini Maulidi makubwa ya Riyadha, yale aliyoyaasisi Habib Swaleh, hayasomwi tarehe 12. Husomwa mwisho wa Mfunguo Sita, na usiku mkubwa ni wa Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Ijumaa yake ndiyo ziara ya kaburi na zefe. Binti akiomba likizo ya Agosti 25 atafika Lamu akute mji umetulia, na wageni hawajaingia.

Sasa hesabu, dada. Mfunguo Sita mwaka huu utaandama ama Agosti 14 ama Agosti 15. Jioni ya tarehe 13 mwezi utakuwa mchanga sana, wengine huenda wakauona na wengine wasiuone, na hapo ndipo mabishano ya kila mwaka huanzia. Chukua hali zote mbili. Ukianza 14, mwezi unakwisha Septemba 11 au 12. Ukianza 15, unakwisha Septemba 12 au 13. Alhamisi zilizomo ni Agosti 20, 27, Septemba 3 na Septemba 10. Inayofuata ni 17, na hiyo kwa hesabu yoyote iko nje ya mwezi. Kwa hiyo mwaka huu mwandamo hauna la kubadilisha: Alhamisi ya mwisho ni Septemba 10. Tangazo rasmi hutoka msikitini, lisubiri kabla hujakata tiketi, lakini likizo unaweza kuomba leo.

Na jambo moja linalowaponza wageni wa bara: mtu wa hapa akikwambia "usiku wa Ijumaa", anakusudia Alhamisi baada ya magharibi. Nimewaona watu wanashuka gatini Ijumaa mchana wakidhani shughuli ni jioni ile.

Kipanga_wa_Pwani
Ahsante kwa sahihisho, shekhe. Nilikuwa naisema ya kwingine tulikozoea. Lakini kwa hoja ya likizo ningeongeza: kule kwao Tanzania tarehe 12 ni sikukuu ya serikali, huku Kenya siyo. Asije akadhani wiki ya Septemba 10 ofisi za huku zitafungwa. Benki na mabasi vinafanya kazi kama kawaida.

Nyundo_Eastleigh
Mnamtisha dada wa watu bure. Mimi hushika basi, nafika Mokowe, navuka, na vijana wa gatini wananipeleka chumba kabla jasho halijakauka. Sijawahi kulipa arubuni hata mara moja. Ukishika mapema ndiyo unapigwa bei, maana mwenye nyumba anajua una hofu. Ukifika na pesa mkononi, na yeye ana chumba kitupu, anashuka.

Mwamu_Langoni
Nyundo, kaka, hiyo inakufaa wewe. Wewe ni kijana, umekuja peke yako, chumba kikikosekana utalala juu ya dari kwa rafiki au kwenye baraza, na asubuhi uko sawa. Huyu ana mama mwenye magoti. Nyumba zetu ngazi zake ni za mwinuko mkali, vidato virefu. Vyumba vya chini ni vichache katika kila nyumba, na ndivyo vinavyoshikwa kwanza, kwa sababu kila familia inayokuja ina mzee. Wiki ya Maulidi chumba cha juu kabisa, kidato cha arubaini, utakipata hata Jumatano jioni. Cha chini hukipati.

Kwa hiyo dada, usiulize tu kama wana chumba. Uliza kiko ghorofa ya ngapi, choo kiko wapi, na kuna vidato vingapi kutoka mlangoni. Wakutumie video ya simu, mtu atembee kuanzia mlango wa njiani mpaka kitandani bila kukata.

MamaZuhura_Tanga
Hilo la video ni la maana sana. Mwaka jana dalali mmoja alitutumia picha nzuri za nyumba, tukampa arubuni kwa simu. Tulipofika, mwenye nyumba halisi hakuwa na habari naye, na ndani mlikuwa na wageni wengine tangu Jumapili. Simu ya dalali ikawa haipatikani. Tulilala usiku wa kwanza kwenye madrasa pamoja na kina mama wengine, Mungu awabariki waliotusogezea mikeka. Kesho yake tukapata nyumba ya pamoja Mkomani.

Mwaka huu nimefanya tofauti. Kwanza nilimwomba mtu anayejulikana na Mwamu mmoja tunayesali naye hapa Tanga, akaenda mlangoni mwenyewe. Pili, pesa nimetuma kwa namba ambayo jina linalotokea ni la mwenye nyumba, si la dalali. Tatu, nimetoa theluthi tu, iliyobaki nikifika.

Na kuhusu bei: gesti ile ile ya Langoni, siku za kawaida chumba ni kama 2,000. Wiki ya Maulidi hupanda mpaka hapo 3,500 alipotajiwa. Kwa hiyo Binti hakuonewa kuliko wengine, lakini watu watatu wenye vyumba viwili kwa siku sita ni shilingi 42,000. Sisi tulipochukua nyumba nzima ilikuwa 5,000 kwa usiku, vyumba vitatu, jiko na kisima. Siku sita ni 30,000. Mkigawana familia mbili kila mmoja anatoa 15,000. Ni mwendo kidogo zaidi kutoka Riyadha, robo saa kwa mtu mzima asiye na haraka.

BintiMzizima
Da Zuhura, pole na hayo, na ahsante kwa hesabu. Robo saa kwa mama inaweza kuwa nusu saa. Kuna usafiri wowote ndani ya mji? Na je, kuna mtu anayejua kama wanaokuja kusoma Maulidi hupokewa bure? Shangazi yangu anasisitiza kwamba "Lamu hulipi, unapokewa".

Mwamu_Langoni
Shangazi hakukosea. Riyadha hupokea wageni, hasa vikundi vinavyokuja na ustadhi wao, na watu wengi wa mji hufungua milango kwa jamaa na wanafunzi wa zamani. Chakula husomewa na kuliwa pamoja. Lakini mapokezi hayo ni ya vikundi, watu hulala wengi katika chumba, na wanaume na wanawake mbalimbali. Mdogo wako atafaa sana huko. Kwa mama yako, na sisemi hivi kumdharau yeyote, tafuta kitanda.

Usafiri wa ndani ni punda na miguu. Mizigo hupewa hamali mwenye mkokoteni, mkubaliane bei kabla hajaugusa. Ukiwa Mkomani unaweza kushuka pwani ukapanda mashua mpaka upande wa kusini wa mji, ukapunguza mwendo.

Kitu kingine ambacho wageni hawakifikirii: Maulidi huwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo hakuna mbalamwezi. Vichochoro ni giza, chini kuna mifereji na kinyesi cha punda. Kila mmoja awe na tochi yake, si ya simu, maana simu utaihitaji.

Abu_Hilal_Muscat
Nafuatilia kwa hamu kutoka Muscat. Mimi naomba ya 2027, kwa sababu tiketi za ndege za familia lazima nizikate mwaka mzima mbele. Kwa hesabu ya Kipanga ya kurudi nyuma siku kumi na moja, nichukue Agosti 30?

Mwamu_Langoni
Usifanye hivyo, Abu Hilal. Kutoa siku kumi na moja kunakupa tarehe ya mwezi, hakukupi Alhamisi. Na 2027 ni mwaka mgumu kweli.

Mwandamo wa Mfunguo Sita 2027 unatarajiwa jioni ya Agosti 3, yaani mwezi mosi ni Agosti 4. Tarehe 29 itakuwa Jumatano, Septemba 1. Jioni hiyo mwezi ukionekana, Mfunguo Sita umekwisha, na Alhamisi ya mwisho ilikuwa Agosti 26. Usipoonekana, Alhamisi Septemba 2 ni tarehe 30, imo ndani ya mwezi. Sasa huwezi kufanya Maulidi kwa kungoja mwandamo wa jana yake, na watu wanatoka Komoro na Tanzania. Kwa akili yangu watachagua Agosti 26, iwe salama.

Kipanga_wa_Pwani
Hapo sikubali moja kwa moja. Kuna wanaofuata mwandamo wa nje, na kwao mwezi unaweza kuanza Agosti 3. Kwao Septemba 2 haimo kabisa, kwa hiyo tarehe yako ya 26 inazidi kupata nguvu. Lakini pia 2027 Kenya ina uchaguzi mkuu Agosti 10. Wiki mbili baadaye mtu hajui hali ya barabara na ya mahakama itakuwaje. Kamati inaweza kuona bora kusogeza mbele. Mimi ningesubiri.

Mwamu_Langoni
La uchaguzi umesema kweli, sikulifikiria. Abu Hilal, kama kampuni ya ndege inakuruhusu kubadili tarehe kwa kuongeza pesa kidogo, nunua ya namna hiyo. Tiketi ya bei rahisi isiyobadilika kwa mwaka kama huo ni ghali kuliko inavyoonekana.

Abu_Hilal_Muscat
Shukran. Nitashika ya Agosti 22 kwenda, ya kurudi Septemba 5, nikae wiki mbili. Watoto watakuwa likizo na bibi yao yuko Malindi, hazitapotea. Nimeelewa.

Rubani_wa_Ndoto
Kwa wanaofikiria ndege kutoka Nairobi: zinatua Manda, kisha unavuka kwa boti dakika chache. Ndege ni ndogo, viti ni vichache, na bei inapanda kadiri viti vinavyoisha. Nyingi huruhusu mizigo ya kilo 15 tu. Ukija na kanzu tatu, zawadi na halua za kurudi nazo, utalipia ziada.

Mwamu_Langoni
Naomba nirudi kwa Binti, maana hatujagusa panapouma zaidi. Kila mtu anauliza kuhusu kuingia Lamu. Kuingia si tatizo. Wageni huingia polepole kuanzia Ijumaa ya nyuma mpaka Jumatano, mabasi yanawatosha. Kutoka ndiko kugumu. Baada ya ziara ya Ijumaa, mji mzima unataka kuondoka Jumamosi alfajiri, siku moja, saa moja. Mabasi hutoka Mokowe asubuhi, na ili uyawahi lazima uwe kwenye boti kama saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo gati hujaa tangu kabla ya sala ya alfajiri, watu wanarushiana mizigo, boti zinajazwa kupita kiasi, na nauli ya kuvuka unaambiwa baada ya kukaa. Tiketi za mabasi ya Jumamosi huwa zimekwisha tangu katikati ya wiki. Anayebaki hununua kwa mlanguzi au anasimama.

Kwa hiyo mpango wangu kwako ni huu. Ondoka Dar Jumamosi Septemba 5, lala Mombasa. Jumapili mpumzishe mama. Jumatatu tarehe 7 panda basi la asubuhi la Lamu, alasiri mko Mokowe, jioni mko ndani. Siku hiyo hiyo, kabla hujafungua begi, mdogo wako aende ofisi ya basi pale pwani akate tiketi za kurudi za Jumapili tarehe 13. Sikusema Jumamosi. Jumamosi kaeni, mji unapumua, bei ya samaki inashuka, mama atapata kuzuru msikiti bila kusukumwa. Jumapili mnafika Mombasa, Jumatatu 14 mnashika basi la Dar. Jumanne uko kazini. Siku za likizo utakazotumia ni sita tu, za tarehe 7 mpaka 11 na tarehe 14.

Alfajiri ya tarehe 13 pia ni bamvua, maji yatakuwa yamejaa. Boti itakaa juu karibu na sakafu ya gati, mama atavuka hatua moja. Katikati ya asubuhi maji yakitoka, boti hushuka chini na lazima ukanyage ngazi zenye ukoga. Kwa goti bovu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko bei ya chumba.

Nyundo_Eastleigh
Hapo kwenye kurudi nakuunga mkono. Jumamosi ile ni vita. Mimi huwa nabaki mpaka Jumatatu.

Kipanga_wa_Pwani
Na pasipoti ziwe mkononi, si ndani ya sanduku chini ya basi. Baada ya Garsen kuna vizuizi vya ukaguzi, abiria hushuka na kuonyesha kitambulisho. Mama mwenye magoti mjulishe dereva mapema, mara nyingi askari humkagua akiwa kitini.

Nyundo_Eastleigh
Ila bado nina swali kwa watu wa Lamu. Kutoka 2,000 mpaka 3,500, katika wiki ya kumsifu Mtume, mnaona ni sawa? Watu wanadunduliza mwaka mzima.

Mwamu_Langoni
Wapo wasiopandisha kabisa, na wapo wanaopandisha kuliko hivyo. Mimi jirani yangu huwahamishia watoto wake kwa bibi yao ili akodishe chumba, wiki hiyo maji ananunua kwa madumu, na pesa ile ndiyo ada ya shule. Siwezi kumwambia anakosea. Lakini anayeshika arubuni ya mtu kwa 2,500 halafu siku ya kufika anasema ni 4,000, huyo sina la kumtetea.

MamaZuhura_Tanga
Ndiyo maana bei iandikwe kwenye ujumbe wa simu, na tarehe ziandikwe kwa siku na kwa tarehe. Mwenye nyumba wetu nilimwandikia: "Jumatatu 7 mpaka Jumapili 13 Septemba, 5,000 kwa usiku, jumla 30,000, arubuni 10,000, tangazo la msikiti likibadilika tunasogea nalo bila kuongeza." Akajibu "nimekubali". Ujumbe huo siufuti.

BintiMzizima
Nawashukuru wote, kwa kweli. Nimempigia yule wa gesti leo asubuhi nikamwambia nitatoa theluthi na nataka chumba cha chini. Akasema cha chini kimeshikwa tayari, Mei haijafika! Nimekiacha. Likizo nimeandika ya tarehe mlizonipa. Da Zuhura, hiyo nyumba yenu ya vyumba vitatu, chumba cha tatu kina mtu? Na kiko chini?

MamaZuhura_Tanga
Cha chini tumemwekea mama mkwe wangu, lakini kina vitanda viwili na yeye analala peke yake. Mama yako akiridhia walale pamoja, wewe mpe cha juu mdogo wako, tutaelewana. Nitumie ujumbe wa faragha. Mama anatumia choo cha kukaa au cha kuchuchumaa? Maana cha chini ni cha kuchuchumaa, na tuna muda wa kutafuta fundi.